Mwingiliano wa vipindi vya tarehe

Mwingiliano wa vipindi vya tarehe ni hali ambapo rekodi mbili, kila moja ikiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, zinadai siku ileile kwa mtu yuleyule au kitu kilekile. Katika ofisi nyingi watu husema kwa kifupi kwamba "tarehe zimegongana". Makala hii inahusu rekodi ambazo kwa kanuni zake hazipaswi kugongana kamwe: mtumishi anayeruhusiwa kushika nafasi moja tu kwa wakati mmoja, au chumba cha wageni kinachoweza kuuzwa kwa mteja mmoja tu kwa usiku mmoja.

Rekodi za ajira zilizogongana huweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Hazisimamishi mshahara wala hazimzuii mtu kupandishwa cheo. Huibuka siku ya kuhesabu utumishi kwa ajili ya mafao, pale anayehesabu anapojumlisha urefu wa kila kipindi na kupata miezi ambayo haikuwahi kuwapo, au anaporudisha faili kwa mwajiri ili utata uondolewe kwanza. Kwa upande wa vyumba na kumbi, mgongano huonekana mapema zaidi: familia mbili zinasimama mapokezi, kila moja ikiwa na risiti ya chumba namba 6.

## Sharti la mwingiliano

Vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa namna nyingi. Kimoja kinaweza kuanza ndani ya kingine na kumalizika baadaye, kinaweza kumezwa chote na kingine, au vinaweza kuanza pamoja na kuachana mwishoni. Mwaka 1983 mwanasayansi wa kompyuta James F. Allen aliorodhesha mahusiano haya yote na kupata 13. Kati ya hayo, manne hayana muda wa pamoja: kipindi cha kwanza kiko kabla ya cha pili, au baada yake, au mwisho wa kimoja unagusa tu mwanzo wa kingine, kwa upande huu au ule. Tisa yaliyobaki yana muda wa pamoja.

Anayejaribu kuandika sharti la kila moja ya hayo tisa kwa kawaida husahau moja au mawili. Hasa husahau hali ya kumezwa, kwa sababu huuliza kama tarehe ya kuanza au ya kumalizika ya kipindi kipya imo ndani ya kipindi cha zamani, bila kufikiri kwamba kipindi kipya kinaweza kukizunguka cha zamani pande zote mbili. Katika hali hiyo hakuna tarehe yoyote ya kipindi kipya iliyomo ndani ya cha zamani, na bado siku zote za kile cha zamani zimegongana.

Njia rahisi ni kuanzia upande wa pili. Vipindi viwili *havigongani* katika hali mbili tu: ama cha kwanza kimekwisha kabla cha pili hakijaanza, ama cha pili kimekwisha kabla cha kwanza hakijaanza. Ukikanusha kauli hiyo unapata sharti zima la mgongano. Kwa tarehe ambazo siku ya mwisho nayo inahesabiwa kuwa ndani ya kipindi, linaandikwa hivi:

```
kuanza1 <= mwisho2  NA  kuanza2 <= mwisho1
```

Linganisho hizo mbili zinatosha kwa mahusiano yote tisa. Ikiwa zote ni kweli, siku ya kwanza ya mgongano ni ile iliyo ya baadaye kati ya tarehe mbili za kuanza, na siku yake ya mwisho ni ile iliyo ya mapema kati ya tarehe mbili za kumalizika. Idadi ya siku ni tofauti ya hizo mbili, kisha unaongeza moja, kwa kuwa siku ya mwanzo na ya mwisho zote zinahesabiwa.

Sharti hili linategemea jambo moja, kwamba katika kila rekodi tarehe ya kumalizika haitangulii ya kuanza. Rekodi iliyogeuzwa, mathelathi ile inayosema kuanza 2016 na kumalizika 2014, huweza kupita kwenye linganisho bila kukamatwa hata pale inapogombana na nyingine. Kwa hiyo rekodi za namna hiyo hutafutwa na kusahihishwa kabla ya kazi nyingine yoyote.

## Mfano wa rekodi za utumishi

Jedwali lifuatalo ni la mfano. Linaonyesha vituo vya kazi vya mtumishi mmoja, vikiwa vimepangwa kwa tarehe ya kuanza. Siku ya mwisho ni siku ambayo mtumishi bado alikuwa kazini kituoni hapo.

| Mstari | Kituo | Kuanza | Mwisho |
|---|---|---|---|
| 1 | Shule A | 12 Januari 2009 | 30 Juni 2013 |
| 2 | Shule B | 1 Julai 2013 | 31 Desemba 2018 |
| 3 | Shule C | 2 Februari 2015 | 28 Agosti 2015 |
| 4 | Shule D | 3 Septemba 2018 | 30 Juni 2021 |
| 5 | Ofisi ya wilaya | 30 Juni 2021 | 31 Desemba 2022 |
| 6 | Shule E | 1 Februari 2023 | (wazi) |

Mtu anayekagua kwa macho hushuka mstari kwa mstari, akilinganisha kila kimoja na kilicho juu yake. Mstari wa 2 unaanza siku moja baada ya wa 1 kwisha, kwa hiyo ni sawa. Mstari wa 3 umeanza wakati wa 2 haujaisha, kwa hiyo kuna mgongano. Mstari wa 4 umeanza miaka mitatu baada ya wa 3 kwisha, kwa hiyo unaonekana sawa. Mstari wa 5 umeanza siku ileile ambayo wa 4 umeisha, kwa hiyo kuna mgongano wa siku moja. Mstari wa 6 ni sawa.

Mkaguzi huyo amepata migongano miwili, lakini iko mitatu. Mstari wa 4 haugongani na wa 3, ila unagongana na wa 2, ambao ulikuwa bado unaendelea hadi mwisho wa 2018. Kipindi kifupi cha Shule C kimekaa katikati na kuficha kipindi kirefu kilichokizunguka. Hili ndilo kosa linaloenea zaidi katika ukaguzi wa aina hii, na linafanywa pia na programu zilizoandikwa na watu wenye ujuzi, kwa sababu kulinganisha na jirani wa juu tu ni jambo linalokuja akilini kwanza na hutoa jibu sahihi katika rekodi nyingi.

Dawa yake ni ndogo. Unaposhuka, usikumbuke tarehe ya mwisho ya mstari uliotangulia, bali kumbuka tarehe ya mwisho iliyo mbali kuliko zote ulizokwisha kuziona. Kwa karatasi, andika tarehe hiyo pembeni kwa penseli na uibadilishe pale tu unapokutana na iliyo mbali zaidi. Baada ya mstari wa 2 pembeni pana 31 Desemba 2018. Mstari wa 3 unaisha 2015, kwa hiyo tarehe ya pembeni haibadiliki. Ukifika mstari wa 4, unalinganisha 3 Septemba 2018 na 31 Desemba 2018, na mgongano unaonekana.

Hesabu ya siku inakuwa hivi. Kati ya mstari wa 2 na wa 3 zimegongana siku zote za mstari wa 3, yaani 208. Kati ya wa 2 na wa 4 ni kuanzia 3 Septemba hadi 31 Desemba 2018: siku 28 za Septemba, 31 za Oktoba, 30 za Novemba na 31 za Desemba, jumla 120. Kati ya wa 4 na wa 5 ni siku 1. Kwa pamoja ni siku 329, karibu miezi 11 ambayo ingehesabiwa mara mbili kama kila kipindi kingejumlishwa peke yake. Mkaguzi wa jirani kwa jirani angeona siku 209 tu.

## Tarehe ya mwisho iliyo wazi

Mstari wa 6 hauna tarehe ya mwisho kwa sababu mtumishi bado yupo kituoni. Kwa binadamu maana yake ni dhahiri, lakini kwa kompyuta si dhahiri hata kidogo. Katika kanzidata nyingi mahali patupu huandikwa `NULL`, na kulinganisha tarehe yoyote na `NULL` hakutoi "kweli" wala "si kweli", bali "haijulikani". Rekodi ambayo jibu lake ni "haijulikani" huachwa nje ya matokeo, bila onyo lolote.

Athari yake ni kwamba rekodi ya sasa, ambayo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kugongana na nyingine mpya, ndiyo isiyokaguliwa. Ofisi inaweza kutoa ripoti safi isiyo na mgongano hata mmoja huku mtumishi akiwa na vituo viwili vilivyo wazi kwa wakati mmoja. Dalili ni rahisi kutafuta: hesabu rekodi zilizo wazi kwa kila mtumishi. Anayezidi moja ana mgongano kwa hakika, bila haja ya kulinganisha tarehe yoyote.

Katika ulinganishaji, mahali patupu hubadilishwa kuwa tarehe ya mbali sana. Inayotumika mara nyingi ni 31 Desemba 9999. Ni vizuri tarehe hiyo itumike ndani ya hesabu tu, isiandikwe kwenye rekodi yenyewe, maana siku moja mtu atatoa tarehe ya kuanza kwenye ya mwisho na kupata mtumishi mwenye utumishi wa karibu miaka 8,000.

## Katika lahajedwali

Ofisi nyingi ndogo huweka rekodi hizi katika Excel au LibreOffice Calc. Tuseme safu A ina namba ya mtumishi, B ina tarehe ya kuanza na C ina tarehe ya mwisho. Katika safu D huandikwa tarehe ya mwisho iliyojazwa, na katika safu E idadi ya rekodi nyingine za mtumishi huyohuyo zinazogongana na mstari husika:

```
D2:  =IF(C2="",DATE(9999,12,31),C2)

E2:  =COUNTIFS($A$2:$A$500,A2,
               $B$2:$B$500,"<="&D2,
               $D$2:$D$500,">="&B2)-1
```

Moja inatolewa mwishoni kwa sababu kila rekodi inagongana na yenyewe. Fomula hii hailinganishi na jirani peke yake, inalinganisha na mistari yote, kwa hiyo haihitaji jedwali lipangwe. Kwa jedwali letu la mfano, mstari wa 2 unapata 2, wa 3 unapata 1, wa 4 unapata 2, wa 5 unapata 1, na wa 1 na wa 6 zinapata 0. Jumla ni 6, na kwa kuwa kila mgongano umehesabiwa kutoka pande zote mbili, migongano ni 3. Ikiwa seli yoyote ya E inaonyesha −1, maana yake rekodi haikuweza kujihesabu hata yenyewe. Hapo ama tarehe zimegeuzwa, ama moja kati yake si tarehe.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Afrika Mashariki tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma mwezi kwanza. Ukiiandikia 25/08/2018 inashindwa kupata mwezi wa 25, na inaiacha ikiwa maandishi tu, yakiegemea kushoto mwa seli badala ya kulia. Fomula `=ISNUMBER(B2)` itasema `FALSE`. Kosa hilo angalau linaonekana. Lakini ukiiandikia 03/09/2018 inaikubali kwa furaha kuwa 9 Machi. Katika mfano wetu, mgongano wa mstari wa 2 na wa 4 ungekua kutoka siku 120 hadi 298 bila kosa lolote kutangazwa. Kwa sababu hiyo, mgongano wowote ambao siku na mwezi wa tarehe yake vyote havizidi 12 unafaa kushukiwa kwanza kuwa ni wa kugeuzwa kwa siku na mwezi, na kutazamwa kwenye barua yenyewe.

## Katika kanzidata

Katika lugha ya SQL, jedwali huunganishwa na lenyewe, kana kwamba kuna nakala mbili zake mezani:

```sql
SELECT a.mtumishi, a.id, b.id
FROM ajira a
JOIN ajira b
  ON  a.mtumishi = b.mtumishi
  AND a.id < b.id
  AND a.kuanza <= COALESCE(b.mwisho, DATE '9999-12-31')
  AND b.kuanza <= COALESCE(a.mwisho, DATE '9999-12-31');
```

Mstari wa `a.id < b.id` unafanya kazi mbili: unazuia rekodi kulinganishwa na yenyewe, na unafanya kila jozi itajwe mara moja tu. Mtumishi mwenye rekodi 6 ana jozi 15 za kulinganisha, jambo ambalo kompyuta hulimaliza papo hapo. Mambo hubadilika pale ambapo kitu kimoja kina rekodi nyingi mno. Ukumbi au gari la kukodi lenye rekodi 10,000 lina jozi 49,995,000. Hapo ni bora kutumia njia ya penseli iliyoelezwa juu, ambayo inapita kwenye rekodi mara moja baada ya kuzipanga:

```sql
SELECT *, MAX(COALESCE(mwisho, DATE '9999-12-31')) OVER (
    PARTITION BY mtumishi ORDER BY kuanza, id
    ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND 1 PRECEDING
  ) AS mwisho_wa_mbali
FROM ajira;
```

Kila rekodi ambayo `kuanza` yake haizidi `mwisho_wa_mbali` imegongana na mojawapo ya zilizoitangulia. Njia hii haikutajii ni ipi, ila rekodi za kutazama zinakuwa chache. Wanaotumia `LAG` badala ya `MAX` wanarudia lile kosa la jirani kwa jirani.

Njia zote mbili huamini safu ya `mtumishi`. Mtu mmoja aliyesajiliwa kwa namba mbili, labda kwa sababu jina lake liliandikwa kwa herufi tofauti alipohamia mkoa mwingine, hatagongana na nafsi yake hata kama vipindi vyake vyote vinalaliana.

## Siku ya mwisho ni ya nani?

Katika rekodi za utumishi tumesema siku ya mwisho imo ndani ya kipindi. Katika nyumba ya wageni sivyo. Mgeni aliyeingia tarehe 3 na kutoka tarehe 5 amelala usiku wa tarehe 3 na wa tarehe 4. Tarehe 5 anatoka asubuhi, chumba kinasafishwa, na mwingine anaingia mchana. Kinachouzwa ni usiku, na tarehe ya kutoka ni siku ya kwanza ambayo chumba kiko huru. Kwa hiyo alama ya usawa inaondolewa kwenye sharti:

```
kuingia1 < kutoka2  NA  kuingia2 < kutoka1
```

Tofauti ni alama moja, lakini kila upande una hasara yake. Ukitumia sharti la utumishi kwenye vyumba, mfumo unamkataa kila mgeni anayetaka kuingia siku ambayo mwingine anatoka, na chumba kinalala kitupu bila sababu. Ukitumia sharti la vyumba kwenye utumishi, mgongano wa 30 Juni 2021 katika mfano wetu hauonekani. Kabla ya kuandika fomula yoyote, inafaa kumwuliza anayejaza rekodi swali moja: siku hii ya mwisho, mtu huyu bado yupo au ameshaondoka? Mara nyingi inagundulika kwamba makarani wawili wa ofisi moja wana majibu tofauti. Dalili yake kwenye data ni migongano mingi ya siku moja kamili, au mapengo mengi ya siku moja kamili. Migongano ya namna hiyo ni ya mazoea ya uandishi kuliko ya kazi yenyewe.

Kipindi kisichohesabu siku ya mwisho kina tatizo lake pia. Mgeni aliyekodi chumba kupumzika mchana tu, akaandikwa kuingia tarehe 7 na kutoka tarehe 7, ana kipindi chenye usiku sifuri. Vipindi vitupu vya tarehe ileile havigongani kwa sharti hili. Chumba hicho kinaweza kuuzwa kwa watu watatu mchana uleule na mfumo usione neno. Anayekubali wateja wa mchana lazima aandike saa, si tarehe peke yake.

## Saa za Kiswahili na usiku wa kuamkia

Mara saa zinapoingia, wasemaji wa Kiswahili wana mtego ambao vitabu vya kigeni havitaji. Sherehe ya ukumbini kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita usiku ni, kwa saa ya kompyuta, 20:00 hadi 00:00 ya siku inayofuata. Karani aliyechoka huandika 02:00 hadi 06:00. Urefu ni uleule, saa nne, kwa hiyo ankara inatoka sawasawa na hakuna anayeshtuka. Lakini ukumbi sasa unaonekana huru jioni nzima, na sherehe ya pili ya 20:00 inakubaliwa bila mgongano kuonekana. Kwa kumbi za sherehe, rekodi yoyote inayoanza kati ya 01:00 na 06:00 inastahili kupigiwa simu.

Siku nayo ina utata. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, ambayo bado inafuatwa na wengi pwani, siku huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa kwa hesabu hiyo ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa mwingine usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Ndiyo maana watangazaji husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na ndiyo maana fomu nzuri ya kukodi ukumbi huandika tarehe kwa namba pamoja na jina la siku, ili kimoja kikipingana na kingine mteja aulizwe.

## Kuzuia mgongano usiingie

Ukaguzi wa baadaye hupata makosa yaliyokwisha kutokea. Kwa vyumba, hilo ni kuchelewa. Watu wengi huandika programu inayouliza kwanza kama chumba kiko huru, kisha inaandika rekodi. Mhudumu wa mapokezi na mwenzake wa simu wanaweza kuuliza katika sekunde ileile, wote wakaambiwa chumba kiko huru, na wote wakaandika. Kila mmoja alifuata utaratibu, na chumba kimeuzwa mara mbili.

Ulinzi wa kweli huwekwa ndani ya kanzidata yenyewe. PostgreSQL ina kanuni ya kutenga tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na aina ya data ya vipindi tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012. Vikitumiwa pamoja:

```sql
CREATE EXTENSION btree_gist;

ALTER TABLE nafasi
  ADD CHECK (kutoka > kuingia),
  ADD CONSTRAINT chumba_kimoja EXCLUDE USING gist (
    chumba WITH =,
    daterange(kuingia, kutoka, '[)') WITH &&
  ) WHERE (hali <> 'imefutwa');
```

Alama `'[)'` inasema siku ya kuingia imo na ya kutoka haimo. Alama `&&` ndiyo sharti la mgongano. Sehemu ya `CHECK` inakataa tarehe zilizogeuzwa na vipindi vitupu vya usiku sifuri. Sehemu ya mwisho inaziacha kando nafasi zilizofutwa, la sivyo mteja aliyeghairi angeendelea kushikilia chumba. Safu ya `hali` isiachwe tupu: rekodi yenye `NULL` hapo ingeachwa kando pia. Mahali patupu kwenye `kutoka`, kwa upande mwingine, `daterange` inapaelewa kuwa ni kipindi kisicho na mwisho, kwa hiyo hapa hakuna haja ya mwaka 9999.

Amri hii inakataliwa ikiwa jedwali tayari lina migongano, na ujumbe wa kosa unataja jozi moja tu. Ndiyo sababu ukaguzi wa sehemu zilizotangulia hufanywa kwanza. Katika MySQL, ambayo haina kanuni ya namna hii, desturi ni kufunga kwanza mstari wa chumba husika kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, kisha kuuliza na kuandika ndani ya muamala uleule, ili mhudumu wa pili asubiri wa kwanza amalize.

## Baada ya kugundua

Fomula inaonyesha kwamba rekodi mbili haziwezi kuwa kweli zote. Haisemi ipi ni ya uongo. Programu zinazokata tarehe zenyewe, kwa mfano kwa kumaliza kipindi cha zamani siku moja kabla ya kipya kuanza, huondoa mgongano na pamoja nao ushahidi.

Kwa rekodi za utumishi, kila mgongano huwa na historia yake ndani ya faili la karatasi. Katika mfano wetu, siku 208 za Shule C, zilizomezwa zote na Shule B, zina sura ya kazi ya muda: mtumishi ameazimwa au amekaimu mahali pengine kisha akarudi. Ikiwa barua inasema hivyo, hakuna tarehe ya kusahihisha. Kinachohitajika ni kuitoa rekodi hiyo kwenye orodha ya vituo na kuiweka kwenye orodha ya kukaimu, ambako kugongana kunaruhusiwa.

Siku 120 za mwaka 2018 ni za aina nyingine. Uhamisho huwa na tarehe kadhaa: ya barua ya uhamisho, ya kukabidhi ofisi, ya kuripoti kituo kipya, na ya mshahara kuhamishwa. Tarehe ya mwisho ya 31 Desemba, iliyo mwisho wa mwaka kamili, inaashiria kwamba kituo cha zamani kilifunga rekodi zake za mwaka badala ya kuandika siku aliyoondoka. Kinachoamua ni barua ya kuripoti na daftari la mahudhurio la Shule D. Likionyesha sahihi yake kuanzia 3 Septemba, mstari wa 2 unarekebishwa ili umalizike kabla ya hapo, na tarehe ya zamani inaandikwa kwenye maelezo ya marekebisho pamoja na jina la aliyerekebisha.

Siku moja ya 30 Juni 2021 hutatuliwa kwa kukubaliana siku ya kukabidhi ni ya kituo kipi. Na siku 31 za Januari 2023, ambazo mtumishi hakuwa na kituo chochote, hazitatokea kwenye ripoti ya migongano, kwa kuwa ni pengo. Pengo hutafutwa kwa tarehe ileile ya pembeni: linakuwapo pale ambapo tarehe ya kuanza imepita siku inayofuata ile iliyoandikwa kwa penseli.